Fuata Uzi Unakoingia: Kiatu Kipi cha Ofisini Kitakubali Soli Mpya?

Ukisimama mbele ya meza ya viatu vya mitumba, iwe Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi, haupiti muda kabla hujaambiwa, "Hii imeshonwa, kaka, siyo ya gundi." Muuzaji anakigeuza kiatu cheusi cha ngozi, anapitisha kidole kwenye nyuzi zinazozunguka ukingo wa soli, na bei inapanda palepale. Nyuzi zipo kweli. Mnunuzi anachotakiwa kujiuliza ni kama nyuzi hizo zimeshika chochote.

Swali hilo lina pesa ndani yake. Kiatu cha ofisini ambacho soli yake imeshonwa kwenye ukanda wa ngozi huvuliwa soli iliyolika kikavalishwa mpya, tena zaidi ya mara moja, huku ngozi ya juu ikibaki ileile iliyokwisha kuuzoea mguu wako. Kiatu cha gundi kinaweza kufanana nacho kwa kila kitu machoni, lakini soli yake ikiisha, mara nyingi na chenyewe kimeisha. Asiyejua kuvitofautisha hulipa bei ya kile cha kwanza akaondoka na cha pili.

Njia ya kuvitofautisha ni moja, nayo haihitaji kifaa zaidi ya macho, vidole na mwanga wa kutosha: fuata uzi, uone unaingilia wapi na unatokea wapi.

Soli inavyofungwa

Kiatu cha suti kina ngozi ya juu, ile unayoipiga kiwi, na kwa ndani yake kuna bitana. Chini ya unyayo kuna soli ya ndani, na chini kabisa kuna soli ya nje inayokanyaga barabara. Tofauti zote tunazozizungumzia hapa zinatokana na namna soli ya nje ilivyofungwa na hizo nyingine.

Katika kiatu cha ukanda, soli ya nje haikushonwa kwenye ngozi ya juu hata kidogo. Kwanza ngozi ya juu huvutwa juu ya kalibu yenye umbo la mguu. Kisha utepe wa ngozi ngumu, wenye unene wa kama milimita 3, huzungushwa pembeni na kushonwa kwa ulalo pamoja na ngozi ya juu, bitana, na ukuta mdogo uliosimama upande wa chini wa soli ya ndani. Huo ni mshono wa kwanza, nao hujificha. Utepe ule hubaki umechomoza nje kukizunguka kiatu, na ndio ukanda wenyewe. Uwazi unaobaki katikati, chini ya unyayo, hujazwa chembe za gome jepesi lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Mwisho soli ya nje hubandikwa, halafu hushonwa kwa wima kwenye ukanda. Huo ni mshono wa pili, na ndio unaouona kwa juu ukingoni.

Siri ya kubadilisha soli iko hapo. Mshono wa pili unaunganisha soli na ukanda tu. Fundi akiukata, soli inaachia, lakini mshono wa kwanza haujaguswa, na kiatu kimebaki na umbo lake kikisubiri soli nyingine.

Kazi hii ilikuwa ya mkono kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1870 ilienea mashine ya kushona ukanda iliyobeba jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Mmarekani aliyegundua namna ya kuupika mpira kwa salfa ukawa imara. Ndiyo maana viatu hivi huitwa vya Goodyear, ingawa havihusiani na kampuni ya matairi. Viwanda vya mji wa Northampton nchini Uingereza na vitongoji vyake viliishika kazi hiyo na havijaiacha: Church's tangu 1873, Crockett & Jones tangu 1879, na Loake wa mji jirani wa Kettering tangu 1880. Marobota ya mitumba yanayotoka Uingereza huwa na viatu vya aina hiyo hapa na pale, vimechanganyika na vya gundi, na kwenye meza vyote hupangwa pamoja.

Namna ya pili ilitokana na mashine ya Mmarekani Lyman Blake, aliyepata hataza yake mwaka 1858. Hapa hakuna ukanda. Uzi unashuka moja kwa moja kutoka ndani ya kiatu, unapita kwenye soli ya ndani, kwenye ngozi ya juu iliyokunjwa chini, hadi soli ya nje. Waitaliano wanaipenda kwa sababu inatoa kiatu chembamba na chepesi. Soli yake hubadilishika, lakini kwa masharti, na tutayaona.

Namna ya tatu ni gundi peke yake. Ngozi ya juu hukunjwa chini ya soli ya ndani na kubandikwa, husuguliwa kwa msasa ili gundi ishike, kisha soli ya nje hubandikwa na kukandamizwa. Hakuna uzi unaoishika soli. Ni kazi ya haraka na rahisi, na ndiyo iliyotengeneza sehemu kubwa ya viatu vya suti tunavyoviona madukani.

Mshono wa pambo

Kwa kuwa wanunuzi wamezoea kuamini ukanda wenye nyuzi, wenye viwanda vya viatu vya gundi huuweka kama pambo. Wengine hubandika utepe ulioshonwa tangu mwanzo, kabla haujakutana na kiatu. Uzi ni wa kweli na ukanda ni wa kweli, ila mshono unaushona utepe wenyewe tu, na chini yake soli imeshikwa na gundi. Wengine hawatumii uzi kabisa: ukanda, mishono na soli vyote ni kipande kimoja cha plastiki au mpira kilichotoka kwenye kalibu, kikapakwa rangi ya uzi kwa juu.

Aina hii ya mwisho ndiyo rahisi kuikamata. Pitisha ukucha juu ya mshono. Uzi wa kweli umezama katikati ya vishimo, kila pindo lake linaingia kwenye tundu, na kwa kiatu kilichovaliwa utaona vumbi limejikusanya matunduni na uzi umeanza kutoa manyoya. Mshono wa kalibu ni matuta tu. Yote yanalingana kama yalivyopimwa, na kati ya tuta na tuta hakuna tundu, kuna plastiki.

Aina ya utepe ulioshonwa ndiyo inayowapotosha hata wazoefu, kwa sababu ukucha utakutana na uzi halisi. Hiyo inataka ukigeuze kiatu.

Jozi mbili mkononi

Tuseme umeshika jozi mbili nyeusi za kufunga kwa kamba, zote za namba yako, zote zina soli ya ngozi na nyuzi ukingoni. Muuzaji anasema zote zimeshonwa. Anza na jozi ya kwanza.

Kwa juu, mishono ni midogo, mitatu au minne kwa kila sentimita. Geuza. Chini ya soli, mbele ya kisigino, kuna mstari wa nyuzi unaofuata ukingo, umezama kwenye mfereji mwembamba. Hesabu mishono kumi kwa juu, pima urefu wake kwa kidole, kisha linganisha na kumi ya chini. Inalingana, kwa sababu ni mshono mmoja: uzi wa juu na uzi wa chini vinafungana katikati ya unene wa soli. Mshono wa pambo hauna mwenzake wa chini. Na mwenye hila akiweka alama za nyuzi chini pia, ni nadra nafasi zake kuafikiana na za juu.

Angalia sasa pale ukanda unapoishia. Katika viatu vingi vya suti ukanda wa kweli unaanzia mbele ya kisigino upande mmoja, unazunguka kidole gumba, na unaishia mbele ya kisigino upande wa pili, na ukitazama kwa makini unaona ncha ya utepe ilivyokatwa. Mwingine unazunguka kiatu chote, lakini nao una mahali ncha mbili zinapokutana. Ukanda uliotoka kwenye kalibu hauna ncha wala kiungo.

Kisha ingiza vidole gumba viwili kati ya ngozi ya juu na ukanda, kwenye mkunjo wa vidole, uvitanue taratibu. Ndani ya ufa huo mwembamba utaona nyuzi nene zinazoingia kwa ulalo kwenye ngozi ya juu. Huo ndio mshono wa kwanza, na ukiuona huhitaji ushahidi mwingine. Kiatu kilichobana sana hukataa kuuonyesha, kwa hiyo usipouona usihukumu bado. Lakini ukiona utando wa gundi unaong'aa, au ufa mtupu unaoingia ndani bila uzi wowote, umeshika kiatu cha gundi.

Mwisho ingiza mkono ndani. Inua taratibu kile kipande cha ngozi nyembamba chenye jina la kampuni na upapase soli ya ndani sehemu ya mbele. Katika jozi yetu ya kwanza ni laini, haina mshono. Sawasawa: kiatu cha ukanda hakionyeshi uzi ndani, kwa kuwa nyuzi zake zote ziko upande wa chini wa soli ya ndani na pembeni. Ungekuta mstari wa nyuzi ndani, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, ungejua ni kiatu cha Blake.

Jozi ya pili. Kwa juu uzi ni wa kweli. Chini, soli ya ngozi ni safi, haina uzi popote. Usiitupe mezani bado, maana hapa ndipo wengi huviacha viatu bora kuliko vyote. Katika viatu vya bei kubwa, fundi huchana ukingo wa soli kwa kisu, hufunua ngozi kama milimita moja, hushona ndani ya mchano, kisha huifunika ngozi na kuibandika ili mshono usionekane. Tafuta mstari mwembamba kama wa wembe unaofuata ukingo. Tazama pia ncha ya mbele, kwenye kidole gumba, ambako soli huanza kulika: kifuniko kikishalika hapo, nyuzi hujitokeza zenyewe. Katika jozi hii hakuna mstari wa wembe, na ncha ya mbele imelika hadi ngozi imekuwa nyembamba bila uzi hata mmoja kujitokeza. Ukiinua kipande cha ndani, unakuta soli ya ndani si ngozi, ni kadibodi ngumu. Ukitanua ufa wa pembeni, unakutana na gundi. Mshono wa juu ulikuwa pambo, na bei ya jozi hii haipaswi kuwa ya jozi ile.

Maandishi yaliyogongwa kwenye soli, hata yawe na jina la Goodyear, yaache yawe ya mwisho kusomwa. Muhuri hugongwa kwenye soli yoyote. Uzi ndio unaotoa ushahidi.

Mshono wa fundi wetu

Kuna uzi mwingine ambao Afrika Mashariki hatuwezi kuupita. Mtu akinunua kiatu kipya cha gundi, mara nyingi humpelekea fundi wa barazani akizungushie mshono kabla hakijafumuka. Fundi huchonga mfereji pembeni au chini ya soli, hupitisha sindano kutoka soli hadi ndani ya kiatu, na kuvuta uzi mnene wa nailoni. Kwa kiatu cha gundi ni kazi ya maana, kwa kuwa soli haitabanduka hata gundi ikichoka. Lakini mshono huo hautengenezi ukanda. Umepita kwenye ngozi ya juu na soli ya ndani, na siku ya kubadilisha soli utaacha msururu wa matundu makubwa yasiyozibika.

Ukikutana na mtumba wenye uzi wa namna hiyo, utaujua: ni mnene, nafasi kati ya mshono na mshono ni kubwa, na kwa ndani unasikika kwa kidole karibu kabisa na ukingo.

Hatari kubwa ni pale kiatu cha ukanda kinapofikishwa kwa fundi asiyekitambua. Atakiona kimeachia kidogo mbele, na kwa nia njema atakipiga mshono ule ule anaoupiga kwenye vingine, kutoboa kutoka soli hadi ngozi ya juu. Kwa dakika chache ametoboa kitu pekee ambacho hakikupaswa kutobolewa. Mwambie mapema, kabla hajashika sindano: "Fundi, naomba ushone ukandani tu. Sindano isiguse ngozi ya juu." Fundi anayeijua kazi atakuelewa mara moja.

Ukanda upo, lakini je, kiatu ni kizima?

Kuwa na ukanda hakutoshi. Jozi ya kwanza inahitaji kupimwa sehemu tatu kabla hujatoa pesa.

Ya kwanza ni ukanda wenyewe. Mvaaji wa zamani akiwa alichelewa, ncha ya mbele ya soli imelika mpaka ukanda nao umelika, na fundi mpya hana pa kushonea. Tazama pia kama mishono ya zamani imeubomoa kwa matundu yaliyokaribiana mno. Kila soli mpya ikishonwa kwa matundu mapya, ukanda hudhoofika, na kwa kawaida huhimili kubadilishwa soli mara mbili au tatu kabla haujatakiwa kubadilishwa wenyewe. Hiyo ni kazi kubwa, kwa sababu ni lazima mshono wa kwanza ufumuliwe.

Ya pili ni soli ya ndani. Ikunje kidogo ukiwa umeingiza vidole. Ikiwa ina ufa uliokatiza chini ya vidole vya miguu, hakuna tena kinachoushika mshono wa kwanza kwa uhakika. Katika viatu vya mashine, ule ukuta mdogo wa chini ni utepe wa turubai uliobandikwa, na ukilowa na kukaushwa kwa joto kali hubanduka. Dalili yake ni ukanda unaochezacheza mbali na ngozi ya juu huku uzi wenyewe ukiwa mzima.

Ya tatu ni ngozi ya juu pale inapojikunja. Mikunjo si kasoro. Ufa ndio kasoro: ukiukunja mkunjo na kuona rangi mbichi ya ndani ya ngozi, soli mpya itaishi kuliko kiatu.

Siku ya kubadilisha

Usingoje soli itoboke. Bonyeza katikati ya soli ya ngozi kwa kidole gumba, pale unyayo unapokanyagia. Ikiwa inabonyea kwa ulaini kuliko pembeni, imebaki nyembamba na wakati umefika. Ikitoboka, maji yatafikia gome la kizibo na soli ya ndani, na gharama itaongezeka.

Kazi yenyewe hufuata mpangilio unaoweza kuusimamia ukiwa umekaa kwenye benchi la fundi. Kisigino hung'olewa kwanza. Kisha kisu hupitishwa kati ya ukanda na soli, kikikata uzi mmoja mmoja, si kwa kuivuta soli kwa nguvu ikararua ukanda. Mabaki ya uzi hutolewa kwenye matundu. Uwazi wa katikati hukaguliwa na kujazwa upya palipobomoka. Soli mpya, iwe ya ngozi au ya mpira, hubandikwa na kuachwa ishike, halafu hushonwa kwa uzi uliopakwa nta, sindano ikifuata matundu ya zamani kadiri inavyowezekana. Upande wa chini fundi huchonga mfereji ili uzi uzame usisagwe na barabara. Ukingo huparwa, kisigino hurudishwa. Yote haya mtu mmoja mwenye sindano na uzi anaweza kuyafanya bila mashine, na hiyo ndiyo faida kubwa ya ukanda kwetu: mshono uko nje, mahali mkono unapofika.

Kiatu cha Blake hakina faida hiyo. Mshono wake uko ndani kabisa ya kiatu, na huhitaji mashine yenye mkono mrefu unaoingia hadi kidoleni, ambayo si rahisi kuikuta barazani. Ukikipenda, kivae, ila kibandikishe mpira mwembamba chini ya soli mapema, kabla soli haijaisha, na uubadilishe huo mpira kila unapolika. Hivyo soli yenyewe haitaguswa kwa muda mrefu.

Cha gundi nacho si cha kutupwa moja kwa moja. Ngozi ya juu ikiwa nzuri na soli ikiwa bapa, fundi anaweza kuibandua na kubandika nyingine. Kikomo kinatokana na ule msasa: kila mara ukingo wa ngozi uliokunjwa chini unaposuguliwa ili gundi ishike, unazidi kuwa mwembamba, na soli ya ndani ya kadibodi huvimba ikilowa. Soli iliyotoka kwenye kalibu pamoja na kisigino chake ni ngumu zaidi, kwa sababu unahitaji nyingine ya umbo hilohilo. Na ikiwa ni ya poliurethani, ile nyepesi yenye vijitundu ndani, unyevunyevu wa hewa huivunjavunja taratibu hata ikiwa kabatini. Watu wa pwani wanaijua: kiatu kilichokaa miaka kikisubiri harusi humeguka soli siku hiyo hiyo ya harusi. Ikwaruze kwa ukucha kabla ya kununua. Ikinata au kutoa unga, iache.

Kwa hiyo utakapoambiwa tena, "Hii imeshonwa," kubali, kisha kigeuze. Uzi ukiwa juu na chini, na ndani hamna, na ngozi ya juu haina ufa, lipa bei ya kiatu kitakachorudi kwa fundi zaidi ya mara moja. Uzi ukiwa juu peke yake, bila mfereji wala mchano wa wembe kwa chini, toa bei ya soli moja tu, kwa kuwa ndiyo unayoinunua.